TV inaandika "No Signal": king'amuzi kimekufa, au TV imehamishwa mlango?

Simu niliipokea ikikaribia saa mbili usiku, mvua ya ziwani ikiwa imekatika muda si mrefu. Alikuwa mama mmoja wa Nyegezi, hapa Mwanza, ambaye dishi lake nililifunga mimi, na alikuwa na haraka kwa sababu taarifa ya habari ilikuwa inakaribia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Fundi, king'amuzi kimekufa. Nabonyeza rimoti mpaka kidole kinauma, TV inaandika No Signal tu. Mvua imeshapita, na kifurushi nimelipia juzi."

Malalamiko ya namna hii nayapata mara nyingi kuliko mengine yote, hasa misimu ya mvua. Mtu anaweza kumlipa fundi nauli na gharama ya kuja, au akachomoa waya zote nyuma ya TV na kuzirudisha vibaya, wakati tatizo lilihitaji vitufe viwili tu. Kwa hiyo naeleza hapa jinsi nilivyolitatua la mama huyu kwa simu, hatua kwa hatua, pamoja na yale mengine yanayofanana nalo kwa nje lakini chanzo chake ni tofauti.

Mashine mbili, kioo kimoja

King'amuzi cha dishi ni mashine yake na TV ni mashine yake. Waya wa dishi unaingia kwenye king'amuzi, kwenye tundu lililoandikwa `LNB IN` au `SAT IN`. King'amuzi kinafungua chaneli, kisha kinatuma picha kwenda kwenye TV kwa waya mwingine, mara nyingi wa HDMI, au zile waya tatu za AV zenye vichwa vya njano, nyeupe na nyekundu. Kazi ya TV hapo ni kuonyesha tu kile inacholetewa.

Lakini TV yenyewe nayo ina kipokeo chake ndani. Hicho hakijui dishi wala kifurushi. Kinapokea mawimbi ya minara ya hapa chini kwa antena ya kawaida, kupitia tundu lililoandikwa `ANT IN` au `RF IN`. Mlango huo kwenye orodha ya TV huitwa `TV`, na kwenye TV nyingine umegawanywa kuwa `DTV` na `ATV`.

Sasa TV ina milango kadhaa, na inafungua mmoja tu kwa wakati mmoja. Kitufe kinachochagua mlango kiko kwenye rimoti ya TV. Kimeandikwa `INPUT` au `SOURCE`, na kwenye rimoti za TV za chogo utakuta `TV/AV` au `TV/VIDEO`. Pengine hakina maneno kabisa, kuna alama ya kisanduku chenye mshale unaoingia ndani. Vyote hivyo vinafanya kazi moja.

Rimoti ya king'amuzi haina mamlaka juu ya milango ya TV, labda iwe imefundishwa, na hilo nitalifikia. Rimoti ya TV inachagua mlango, inaongeza sauti na kuzima TV. Rimoti ya king'amuzi inaongoza chaneli, menyu na sauti ya king'amuzi chenyewe, basi. TV ikiwa imefungua mlango mwingine, king'amuzi kitatii kila kitufe unachobonyeza, kitahama chaneli hata mara hamsini, na wewe hutaona chochote.

Kwanza jua nani anaandika

Swali ninalouliza kabla ya yote ni hili: hayo maneno kwenye kioo yameandikwa na TV au yameandikwa na king'amuzi? Maana zote mbili zinaweza kusema hakuna signo, lakini haziongelei kitu kimoja.

TV ikiandika `No Signal`, inamaanisha kwamba mlango uliofunguliwa hauleti kitu. Inaweza kuwa king'amuzi kimezimwa, waya umechomoka, au mlango siyo wenyewe. Haisemi lolote kuhusu dishi, kwa sababu TV haina habari na dishi. King'amuzi kikiandika kwamba hakuna signo, maana yake kinyume chake: mlango ni sahihi, waya wa HDMI ni mzima, king'amuzi kimewaka, na ujumbe huo umepita njia yote mpaka kwenye kioo. Tatizo liko kati ya king'amuzi na anga: dishi, LNB yaani kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, waya wa dishi, au mvua. Kwenye ving'amuzi vya DStv, kwa mfano, utaona namba `E48-32`. Ukiona hiyo, usiguse kitufe cha `SOURCE` hata kidogo. Uko mahali pake tayari, na ukihama utakuwa umeongeza tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Kuzitofautisha ni rahisi ukizoea. Maandishi ya TV kwa kawaida ni mafupi, yako kwenye kisanduku kidogo, na kwenye TV nyingi kisanduku hicho kinatembea kioo kizima. Ukikiacha hivyo, baada ya dakika kadhaa TV nyingi hujizima zenyewe. Ujumbe wa king'amuzi umetulia, huwa mrefu zaidi, mara nyingi una namba ya kosa, na una sura ileile ya menyu za king'amuzi unazozijua.

Kama bado una shaka, kuna kipimo kisichokosea. Chukua rimoti ya king'amuzi, ibonyeze `MENU`. Menyu ya king'amuzi ikitokea, mlango ni sahihi. Isipotokea, tazama taa ya king'amuzi unapobonyeza. Ving'amuzi vingi hupepesa taa kila vinapopokea amri ya rimoti. Taa ikipepesa na kioo hakibadiliki, king'amuzi kinakusikia ila TV haikitazami.

Mama wa Nyegezi kwenye simu

Ndivyo tulivyofanya naye.

"Mama, hayo maneno No Signal yamekaa mahali pamoja au yanatembea?"

"Yanatembea. Yanaenda kona hii yanarudi kona ile."

Basi ni TV inayoandika. "Chukua rimoti ya king'amuzi, bonyeza MENU, halafu niangalizie taa ya king'amuzi."

"Kwenye TV hakuna kitu. Taa ni ya kijani, nikibonyeza inakonyeza."

Hapo nilishajua king'amuzi ni kizima, kina umeme, rimoti yake ina betri na inafika. Kilichobaki ni waya au mlango. Nikamuuliza kama kuna aliyegusa waya. Hakuna. Nikamuuliza kama kuna aliyegusa rimoti ya TV wakati wa mvua.

"Mjukuu wangu alikuwa nayo. Mvua ilipokolea picha ilianza kukatika vipandevipande, ikaganda, ikaja maandishi. Akasema ngoja nirekebishe."

Hilo ndilo jibu. Mawimbi ya setilaiti yanayopokelewa na madishi haya madogo ya kulipia yako juu ya gigahezi 10, na mawimbi ya huko juu yananyonywa na matone makubwa ya mvua yanapopita kwenye wingu zito. Kwetu ufukweni wingu likijaa linaweza kukata picha kabla hata tone la kwanza halijagonga bati lako, kwa sababu mawimbi yanashuka kwa kupita ndani ya wingu hilo, na mvua inaweza kuwa iko huko njiani. King'amuzi kiliandika ujumbe wake halali wa kukosa signo. Mjukuu akabonyeza `SOURCE`, TV ikahamia mlango wa `TV`, ambako hapakuwa na antena. TV nayo ikaandika `No Signal` yake. Mvua ilipokatika, dishi likashika tena, king'amuzi kikaendelea kutoa picha vizuri kabisa, lakini kwenye mlango ambao haukuwa unatazamwa na mtu.

"Mama, sasa chukua rimoti ya TV. Bonyeza SOURCE mara moja tu, usirudie. Kuna orodha imetokea?"

"Ipo. Kuna TV, AV, HDMI 1, HDMI 2, na nyingine."

"Iliyowekewa rangi ni ipi?"

"Ni TV."

"Shuka kwa mshale mpaka HDMI 2, halafu bonyeza OK."

Nilikuwa nakumbuka kwamba nilichomeka kwenye `HDMI 2`. Kimya cha sekunde tatu hivi, kisha nikasikia sauti ya TV kwenye simu.

"Imekuja! Lakini imekuja menyu, na nyuma yake kuna katuni."

Menyu ni ile aliyoibonyeza mwenyewe nilipomwambia, ilikuwa inamsubiri. Na katuni ni kwa sababu alipokuwa anabonyeza namba kwa hasira, king'amuzi kilikuwa kinahama kweli. Nikamwambia abonyeze `EXIT` kwenye rimoti ya king'amuzi, aandike namba ya chaneli yake, na taarifa ya habari akaiwahi.

Angalizo moja kuhusu kubonyeza `SOURCE`. TV zinatofautiana. Kuna zinazofungua orodha, ukashuka kwa mshale na kuthibitisha kwa `OK`. Kuna zinazohama mlango mmoja kila unapobonyeza, na kuna zinazohama zenyewe usipobonyeza chochote kwa sekunde kadhaa. Ukibonyeza harakaharaka unaupita mlango unaoutaka. Bonyeza mara moja, subiri, soma. TV ikihama, ipe sekunde tano kabla ya kusema hakuna kitu, maana TV na king'amuzi vikiunganishwa kwa HDMI vinahitaji muda kidogo wa kuelewana.

Mlango ni wenyewe, lakini TV bado inaandika "No Signal"

Ukiwa na hakika kwamba uko kwenye mlango wa king'amuzi na maandishi ni ya TV, mambo ya kutazama ni machache.

La kwanza ni king'amuzi kulala. Taa nyekundu kwenye ving'amuzi vingi inamaanisha kina umeme lakini kimelazwa, hakitoi picha. Bonyeza kitufe cha kuwasha kwenye rimoti ya king'amuzi, si ya TV. Hili linatokea sana nyumba ambazo watu wanazima kwa rimoti zote mbili usiku, na asubuhi wanawasha TV peke yake.

La pili ni kichwa cha HDMI kulegea. TV ikisukumwa ukutani wakati wa kufagia, kichwa kinatoka milimita mbili tu, na milimita hizo zinatosha. Zima TV na king'amuzi, kichomoe, kirudishe mpaka kikae kabisa pande zote mbili. Ukiwa hapo nyuma soma namba iliyoandikwa pembeni ya tundu. Kama ni `HDMI 1`, ndio mlango wako. Iandike kwenye kipande cha plasta na kukibandika nyuma ya rimoti ya TV, kwa sababu atakayekuja kuhitaji namba hiyo pengine hatakuwa wewe.

La tatu ni tundu au waya kufa, na hapa radi na umeme unaorudi kwa kishindo vinahusika. Hamishia waya uleule kwenye tundu la pili la HDMI, badilisha mlango kwa `SOURCE`, utazame. Ikionyesha, tundu la kwanza ndilo lililokufa. Isipoonyesha, jaribu waya mwingine. Isipoonyesha bado, chomeka king'amuzi kwa waya za AV kama kina matundu hayo, uende mlango wa `AV`. Picha ikija huko, king'amuzi ni kizima na upande wake wa HDMI ndio umeungua. Unaweza kuendelea kukitumia hivyo, ila picha haitakuwa kali kama ya HDMI.

Picha ikija bila rangi kwenye AV, usianze na mipangilio. Mara nyingi ni waya wa njano umechomekwa pasipo pake. TV nyingi za siku hizi zimeunganisha tundu la njano na la kijani kuwa moja, lakini kwenye TV ambazo matundu hayo ni mawili tofauti, njano ikiingia kwenye la kijani picha inakuja nyeusi na nyeupe.

Rimoti inabonyezwa, kitu kinachofanyika siyo kile

Sauti ndiyo inayochanganya watu zaidi, kwa sababu ziko mbili. King'amuzi kina sauti yake na TV ina sauti yake, na unachosikia ni zote mbili kwa pamoja. Mtu akipunguza sauti ya king'amuzi mpaka chini kabisa, TV hata uiweke 100 itatoa mnong'ono na mvumo. Dalili yake ni kwamba ukihamia mlango wa `TV`, sauti inapasuka ghafla na kushtua nyumba nzima. Ninachofanya kwa wateja wangu ni kupandisha sauti ya king'amuzi mpaka juu kabisa au karibu na hapo, na kuwaambia waiache. Kuanzia siku hiyo sauti inapandishwa na kushushwa kwa rimoti ya TV peke yake.

Kitufe cha kunyamazisha kina shida hiyohiyo. Ukinyamazisha kwa rimoti ya king'amuzi, huwezi kufungua kwa rimoti ya TV. Alama ya spika iliyokatwa itabaki kwenye kioo, na umbo lake litakuambia ni ya nani. Kama hujui, bonyeza kitufe hicho kwenye rimoti moja, sikiliza, kisha kwenye nyingine.

Halafu kuna kitufe cha `CH` kwenye rimoti ya TV. Kwenye TV nyingi, ukiwa mlango wa HDMI kitufe hicho hakifanyi kitu. Lakini kuna TV ambazo ukibonyeza `CH` au namba yoyote, inadhani unataka chaneli za kipokeo chake, na inahama yenyewe kwenda mlango wa `TV`. Hapo mtu anaapa kwamba hakugusa `SOURCE`, na anasema kweli. Dawa ni ileile: `SOURCE`, kisha mlango wa king'amuzi, na chaneli kuhamishwa kwa rimoti ya king'amuzi.

Kinyume chake pia kipo. Rimoti za ving'amuzi vingine zina vitufe vichache vilivyozungushiwa mstari na kuandikwa `TV`. Vitufe hivyo vinaweza kufundishwa amri za rimoti ya TV yako: kuwasha, sauti, na kubadilisha mlango. Aliyekufungia akiwa amevifundisha, rimoti moja inatosha. Asipovifundisha, utabonyeza mpaka uchoke. Namna ya kufundisha inatofautiana kwa kila rimoti, hivyo fuata kikaratasi kilichokuja na king'amuzi. Kwa kawaida rimoti mbili huwekwa zikitazamana vichwa kwa vichwa na kitufe kinabonyezwa kwanza huku, kisha kule.

Na kama TV na king'amuzi vinapokezana amri kupitia waya wa HDMI, utakuta TV inahama mlango yenyewe king'amuzi kikiwashwa, au king'amuzi kinalala TV ikizimwa. Siyo ubovu. Kwenye mipangilio ya Samsung jambo hilo linaitwa `Anynet+`, kwenye LG `SIMPLINK`, kwenye Sony `BRAVIA Sync`, na kwingine utakuta `HDMI CEC` tu. Likikusumbua, lizime hapo.

Rimoti isipofanya chochote kabisa, usiilaumu kabla ya kuipima. Fungua kamera ya simu, ielekeze kwenye kitaa cha mbele ya rimoti, bonyeza kitufe. Macho yako hayaoni mwanga ule, lakini kamera nyingi zinauona kama nukta ya zambarau au nyeupe inayopepesa. Kamera ya nyuma isipouona jaribu ya mbele. Nukta ikionekana, rimoti inatuma, na tatizo liko upande wa kupokea. Nimeingia nyumba nyingi nikakuta king'amuzi kimefunikwa na kitambaa kizuri cha kufuma, pindo lake limeshuka mbele na kuziba jicho la kupokelea rimoti. Kitambaa kikiondolewa rimoti inafanya kazi, na king'amuzi nacho kinapumua, maana joto linakimaliza. Ile nailoni ya rimoti nayo, ikishachakaa na kuwa ya njano, hupunguza mwanga na kuficha kwamba kitufe kimekwama ndani.

Mlango wa TV ni mtupu, unaandika "No Signal" au unaonyesha chenga

Baada ya siku mbili nilikwenda Nyegezi, kwa sababu mama aliuliza swali la maana sana: kama mlango wa `TV` upo, kwa nini usiwe na kitu ndani, ili mvua ikija apate habari huko? Mawimbi ya minara yako chini ya gigahezi 1, na mvua haiyasumbui kama inavyoyasumbua ya dishi. Kwa hiyo ndiyo, mlango huo unaweza kuwa akiba nzuri.

Kosa ninalolikuta sana hapa ni mtu kuchomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi na kuuchomeka `ANT IN` ya TV, akitegemea chaneli zije. Hazitakuja. LNB ya dishi inahitaji umeme wa volti 13 au 18 unaopandishwa na king'amuzi kupitia waya huohuo, na inachoshusha ni mawimbi ya megahezi 950 hadi 2150, ambayo kipokeo cha antena hakiyasomi. Hata vichwa vya waya vinakuambia: cha dishi ni cha kuzungusha kwa nati, cha antena ni cha kusukuma. Ukiona mtu analazimisha, kuna kitu kinakwenda pasipo pake. Zipo TV zenye tundu la dishi pia, limeandikwa `DVB-S2` au `LNB`, lakini hizo zenyewe hufungua chaneli za bure tu. Kifurushi chako kinafunguliwa na king'amuzi chako.

Jambo la pili ni kuhakikisha TV inaweza. Mwanza, kama miji mingine mikubwa, ilizimiwa mitambo ya analojia mwaka 2013. Ndiyo maana mlango wa `ATV` hauna kitu, utaona chenga au buluu tu hata antena iwe ndefu kiasi gani. Matangazo ya minara sasa ni ya dijitali ya `DVB-T2`. Tafuta maandishi hayo kwenye stika ya nyuma ya TV au kwenye boksi lake. Kama yameandikwa `DVB-T` bila 2, au hayapo kabisa, kipokeo cha TV hiyo hakitapata kitu, na kutafuta chaneli ni kupoteza muda.

TV ya mama ilikuwa nayo. Nilichomeka antena ya nje, nikaenda mlango wa `TV`, nikafungua menyu ya TV, sehemu ya chaneli, nikachagua `Antenna`. Kwenye TV nyingine imeandikwa `Air`. Ukichagua `Cable` au `Satellite` hapo, TV itatafuta mpaka mwisho na kukuambia sifuri. Mara ya kwanza nami nilipata sifuri, kwa sababu nyuma ya nyumba kuna majabali na antena nilikuwa nimeiweka upande huo. Yale mawe yetu yanakinga mawimbi vizuri kabisa. Niliihamishia kona ya pili ya paa, panapoonekana wazi kuelekea mjini, nikatafuta tena, chaneli zikaingia. Baadhi zilifunguka, nyingine zikaandika `Scrambled`, maana yake zimefungwa na zinahitaji king'amuzi chao. TV haiwezi kuzifungua hata ufanyeje.

Kwa hiyo sasa mvua ikikata dishi, mama anabonyeza `SOURCE`, anachagua `TV`, na humo anahama chaneli kwa rimoti ya TV. Mvua ikiisha anarudi `HDMI 2`, na rimoti ya king'amuzi inarudi kazini.

Rimoti ya TV imepotea

Bila rimoti ya TV bado unaweza kuhamisha mlango. Pitisha vidole ukingo wa chini, ubavuni, au nyuma ya kona ya kulia ya TV. Kwenye TV nyingi za bei nafuu kuna safu ya vitufe, na kimoja ni `SOURCE`. Kwenye nyingine kuna kitufe kimoja tu, chini katikati karibu na taa. Mara nyingi ukikigusa kidogo kinafungua menyu ndogo, ukigusa tena kinasogea, na ukikishikilia kinathibitisha. Sogea taratibu, maana kwenye menyu hiyohiyo kuna kuzima.

Ukienda madukani Makoroboi kununua rimoti nyingine, usiende na jina la TV peke yake. Piga picha stika ya nyuma yenye namba ya modeli. Kabla ya kulipa, hakikisha rimoti hiyo ina kitufe cha `SOURCE` au `INPUT`, kwa sababu zipo za kuigiza ambazo zinawasha TV na kupandisha sauti vizuri, lakini hicho hazina, au kipo na hakitumi chochote. Kamera ya simu haitakuambia kama amri ni sahihi, inaonyesha mwanga tu. Muombe muuzaji akuruhusu kuirudisha kesho yake kama mlango haukuhama.